Mguu Mbovu Ndio Uliosikia Sindano

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwenye karatasi ya serikali kwamba mtu fulani ni mwongo. Neno lenyewe sikulitumia. Niliandika kwa Kiingereza kizuri cha chuoni kwamba majibu ya mgonjwa hayalingani na kwamba huenda anaigiza. Kisha nikaweka sahihi, nikagonga muhuri, nikamwita mgonjwa aliyefuata. Yote hayo hayakuchukua robo saa.

Nilikuwa nimetoka chuo cha udaktari cha kule kwetu Embu, nikapangiwa hospitali ndogo upande wa Mikinduri. Cheo changu kilikuwa cha afisa wa kliniki, lakini pale kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, nami nilipenda kuitwa hivyo. Kimeru nilikielewa kwa kubahatisha, maana kinakaribiana na Kiembu. Wagonjwa wengi tulizungumza Kiswahili, wao cha sokoni na mimi cha shule, tukikutana katikati.

Huyo mtu alikuja Jumatatu, siku ya foleni ndefu. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mchumaji wa miraa, mwembamba mwenye mabega ya mtu aliyezoea kupanda miti. Alitembea kwa fimbo, mguu wa kulia ukichora mstari kwenye sakafu. Aliletwa na konstebo aliyeshika fomu ya P3, ile karatasi ambayo polisi humpa mtu aliyeumizwa ili daktari aandike ameumia vipi. Bila hiyo kesi haisimami.

Konstebo aliniambia habari kwa kifupi. Wiki tano nyuma, huyu na mdogo wake, watoto wa mama mmoja, waligombana kuhusu mpaka wa mashamba yao. Mdogo alikuwa na kisu kifupi cha kukatia majani ya mgomba ya kufungia miraa. Kaka alipomgeuzia mgongo ili aende zake, mdogo akamchoma. Akaanguka palepale, mguu ukakataa. Alishonwa kwenye zahanati, akalazwa siku chache, picha ya eksirei ikaonyesha mifupa mizima, akarudishwa nyumbani.

"Mdogo wake anakubali alimdunga," konstebo akasema, "lakini anasema ni kitu kidogo tu. Na kusema ukweli, daktari, hata mimi naona huyu anaongeza chumvi."

Nikamwambia mgonjwa avue shati. Kovu lilikuwa katikati ya mgongo, chini kidogo ya usawa wa ncha za chini za mifupa ya mabega, upana wa kidole kimoja kando ya uti, upande wa kulia. Kovu fupi, safi. Ningeweza kulifunika kwa ukucha wa kidole gumba. Nikatazama lile kovu, nikatazama ile fimbo, na nadhani ni hapo nilipoanza kutomwamini.

Nikamlaza. Nikachukua pamba, nikamgusa mguu wa kulia, ule aliokuwa akiuburuta. "Unasikia?"

"Nasikia."

Mguu wa kushoto. "Na hapa?"

"Nasikia."

Nikachukua sindano. Nikamchoma mguu wa kulia, akaukunja uso. "Nasikia! Hiyo ni kali." Nikamchoma wa kushoto, ule mzima, ule aliotembelea vizuri.

"Nasikia," akasema kwa upole.

Nikachoma tena, kwa nguvu zaidi. "Unasikia?"

Akasita. "Nasikia... lakini hapana. Sijui nisemeje, daktari. Hii haisikii vizuri."

"Ule unaokusumbua si wa kulia?"

"Ndiyo. Hii ya kulia haina nguvu. Hata sijui iko wapi nikifunga macho. Lakini hii ya kushoto ndiyo haisikii."

Konstebo alicheka puani. Nami nikaona mambo yamenyooka: mtu amechomwa upande wa kulia, anaburuta mguu wa kulia, kisha anasema uliokufa ganzi ni wa kushoto. Mara anasikia, mara hasikii. Nyundo ya kugongea magoti ilikuwa kwenye droo na sikuitoa. Nikaandika niliyoyaandika.

Alivaa shati taratibu, akaanza na mkono wa kulia. Alipofika mlangoni alitazama chini kwanza, akauona mguu wake wa kulia ulipo, ndipo akavuka kizingiti. Nilimwona akifanya hivyo. Niliona na sikuelewa nilichokiona.

Wiki tatu baadaye, katikati ya ule msimu wa baridi ambapo milima ya Nyambene hukaa na ukungu hadi saa nne, alirudi na mama yake. Mama alikuwa mfupi, mwenye leso kichwani na koti la kiume. Hakuketi nilipomwonyesha kiti.

"Wewe ndiye uliandika mtoto yangu ni mwongo?"

Akamwambia mwanawe aketi, akapiga goti mwenyewe, akafungua kitambaa kilichozungushwa kwenye mguu wa kushoto. Lilikuwa jeraha la moto. Upande wa nje wa wayo na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimevimba malengelenge, na pahali pamoja ngozi ilikuwa nyeupe kama ya mtu aliyekaa majini siku nzima.

"Alikuwa ameketi jikoni asubuhi anaota moto," mama akasema. "Ukuni ukabiringika, ukalala kwa mguu wake. Anakunywa uji. Anaongea na mimi. Mimi ndiye nilisikia harufu. Nikafikiri kuna nyama imeanguka kwa jiko." Akakikunja kile kitambaa. "Sasa niambie. Mtu anadanganya mpaka anachomeka?"

Nikaanza kusafisha kidonda. Niliikata ngozi iliyokufa kwa mkasi. Kwa kawaida mtu hung'ang'ania meza, hulia, husali. Yeye alinitazama kwa udadisi tu, kama anayetazama kiatu chake kikishonwa. Nilipokaribia nyama mbichi nikamwuliza kama anaumwa.

"Najua unanigusa. Najua uko kwa kidole ya mwisho. Lakini uchungu sina."

Nikaacha mkasi. Nikamwambia afunge macho. Nikakishika kidole gumba cha mguu huo wa kushoto, pembeni, nikakiinua kidogo sana.

"Juu," akasema. Nikakishusha. "Chini." Hakukosea hata mara moja. Mguu usiojua moto ulijua kila kidole chake kilipo.

Nikaenda mguu wa kulia, uliosikia sindano siku ile. Nikakiinua kidole gumba.

"Umeanza?" akauliza.

Nikakishusha, nikakiinua tena juu kabisa. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na paji la uso limekunjamana kwa jitihada. "Daktari, sijui. Kama umeishika, sijui imeenda wapi."

Niliketi kwenye stuli. Mahali fulani kichwani mwangu palikuwa na mchoro wa njia za neva niliouchora mara nyingi kwa kalamu za rangi usiku wa kuamkia mtihani, nikapata alama nzuri, kisha nikaufungia. Nilijua kwamba nilikuwa nimeutazama mchoro ule ukitembea, umevaa shati, ukishika fimbo.

Mama alikuwa bado amepiga goti. "Hao wawili wote nimewazaa mimi," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Sikuja kuomba umfunge mmoja. Nyumbani watu wamegawanyika. Wengine wanasema huyu anataka ndugu yake aoze jela, na karatasi yako ndiyo wanashika. Mimi nataka ukweli tu. Hata kama ni mbaya."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Embu, kwenye mtaa wa Majimbo, nikibisha mlango wa mwalimu aliyetufundisha anatomia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyekaribia kustaafu, na darasani tulimwogopa kwa sababu hakukubali jina bila njia. Ukimtajia jina la neva alikuuliza, "Inatoka wapi? Inapita wapi? Inafika wapi?" Alinikaribisha, akamwambia mkewe tuna mgeni, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilimweleza yote, hata fomu.

"Ulimwulizaje kuhusu sindano?" akasema.

"Nilimwuliza kama anasikia."

"Akajibu anasikia."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hakukudanganya. Alisikia kitu kinamgusa." Akanitazama juu ya miwani. "Sisi tuna neno moja la kazi nyingi. Unasikia sauti, unasikia harufu, unasikia njaa, unasikia maumivu, unasikia pamba. Kiembu ni vivyo hivyo, Kimeru ni vivyo hivyo. Mwili hauna neno moja. Ulipaswa kumwuliza: hii ni kali au ni butu? Hii ni moto au ni baridi? Haya, vua kiatu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikavua kiatu sebuleni kwake, mbele ya mkewe aliyekuwa akifuma sweta karibu na dirisha. Mwalimu akaomba uzi wa bluu na uzi mwekundu kutoka kwenye kikapu cha mkewe, akatandaza gazeti mezani, akachora kwa kalamu uti wa mgongo mrefu wenye mstari katikati, miguu miwili chini yake, shina la ubongo juu yake, na ubongo juu kabisa.

"Anza na kidole gumba cha mguu wa kulia," akasema. "Nimekiinua, umefumba macho. Umejuaje kiko juu?"

Nikaanza kwa kigugumizi. Nikasema kuna vipokezi kwenye kiungo, kwenye misuli na kwenye ngozi, vinavyopokea mvutano na mtetemo. Habari huingia kwenye uzi mnene wa neva, wenye ganda nene la mafuta, kwa hivyo hukimbia sana. Chembe mama ya uzi huo iko kwenye fundo dogo kando ya uti wa mgongo, na kutoka hapo uzi huingia ndani kwa nyuma.

"Umeingia. Sasa unavuka?"

"Hapana."

"Unabadilisha gari?"

"Hapana. Unapanda moja kwa moja kwenye safu ya nyuma, upande uleule wa kulia, mpaka chini ya shina la ubongo."

Akalaza uzi wa bluu kutoka mguu wa kulia wa mchoro hadi pale, bila kuuvusha mstari. "Miguu hupita ndani, karibu na mstari wa katikati, mikono hupita nje yake. Haya, umefika chini ya shina la ubongo."

"Hapo ndipo uzi wa kwanza unaukabidhi wa pili. Na wa pili ndio unaovuka kwenda kushoto, unapanda hadi thalamasi, kile kituo cha habari kilicho katikati ya ubongo. Thalamasi inakabidhi uzi wa tatu, na huo unafika kwenye gamba la ubongo, kwenye ule mkunjo ulio nyuma ya mfereji wa kati. Upande wa kushoto. Mguu huwa ndani kabisa, pale ambapo nusu mbili za ubongo zinatazamana."

"Hiyo ni njia moja. Sasa mguu wa kushoto. Ukuni umekilalia kidole."

Hapa nilikwenda polepole zaidi. Nikasema ngozi ina ncha za neva zilizo uchi, zisizo na kifuko chochote, nazo ndizo zinazojua uchungu, moto na baridi. Nyuzi zake ni nyembamba, mwendo wake ni wa taratibu. Nazo zina chembe mama kwenye fundo, nazo huingia kwa nyuma. Lakini zikishaingia hupanda ngazi moja au mbili tu, kisha hukabidhi palepale, ndani ya uti wa mgongo.

"Na wa pili?"

Nililiona jibu kabla ya kulisema. "Unavuka hapohapo. Mbele ya tundu la katikati. Unahamia upande wa kulia, unapanda kwa mbele na pembeni, hadi thalamasi ya kulia, na wa tatu hadi gamba la ubongo la kulia."

Akalaza uzi mwekundu. Ulitoka mguu wa kushoto, ukaingia, ukavuka mstari, ukapanda upande wa kulia, sambamba na ule wa bluu. Nyuzi mbili za miguu miwili tofauti sasa zilikuwa upande mmoja.

Mwalimu akamwomba mkewe mkasi. Akauweka kwenye nusu ya kulia ya mchoro, katikati ya mgongo, kwenye usawa wa lile kovu nililomwelezea. Akakata gazeti hadi kwenye mstari wa katikati, akaishia hapo.

"Umekata nini?"

"Bluu ya mguu wa kulia. Nyekundu ya mguu wa kushoto."

"Na njia ya kushuka, inayoleta nguvu ya misuli, nayo imeshavuka juu kwenye shina la ubongo. Kwa hiyo?"

"Mguu wa kulia unapoteza nguvu, unapoteza mtetemo, haujui ulipo. Lakini unasikia sindano, maana uzi wake mwekundu uko upande wa kushoto, mzima. Mguu wa kushoto una nguvu, unajua ulipo, lakini haujui uchungu wala moto."

"Na pamba?"

"Pamba hupita njia zote mbili. Kila mguu umebaki na moja."

"Basi mgonjwa wako alikupa jibu sahihi kuliko yale uliyonipa kwenye mtihani," akasema, "naye hajasoma."

Mkewe aliweka sindano zake za kufumia pajani. "Na huyo kijana ameitwa mwongo wiki ngapi?" akauliza. Akaniletea chai na viazi vitamu, na nilikula kwa sababu ingekuwa utovu wa adabu kukataa.

Wakati wa kuondoka mwalimu alinipa kile chuma chake cha kupimia mtetemo, chenye matawi mawili kama uma, ambacho ukikigonga huvuma. Akaniambia niende nacho, nikirudishe nikishajua kukitumia.

Siku ya kumpima upya nilimpa saa nzima. Nilijaza chupa mbili, moja maji ya moto ya kuvumilika, moja maji yaliyolala nje kwenye ukungu. Sikuuliza tena kama anasikia. Niliuliza: kali au butu? Moto au baridi? Nilianzia mguu wa kushoto nikapanda na sindano polepole, hatua kwa hatua. Butu, butu, butu. Goti, butu. Paja, butu. Kitovu, butu. Vidole vichache juu ya kitovu akashtuka. "Kali!" Nikaweka alama kwa kalamu. Nikazunguka hadi mgongoni, alama baada ya alama, na mstari ulisimama katikati ya mwili kama uliopigwa kwa rula. Haukuvuka kwenda kulia. Mstari huo ulikuwa chini ya kovu kwa ngazi mbili hivi, kama inavyotakiwa, kwa sababu nyuzi nyembamba hupanda kidogo kabla ya kuvuka. Mtu hawezi kuigiza kitu kama hicho. Ili akiigize ingebidi awe amekaa kwenye dawati letu, na hata sisi tuliokaa tulikisahau.

Upande wa kulia palikuwa na utepe mwembamba usawa wa kovu ambao haukuhisi chochote kabisa. Chini yake sindano ilikuwa kali, chupa ya moto ikawa ya moto. Nikagonga kile chuma, nikakisimamisha kwenye mfupa wa kifundo cha mguu wa kushoto.

"Inalia ndani ya mfupa," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kwenye kifundo cha kulia alisubiri. "Ni chuma tu. Baridi. Hailii."

Nikagonga goti la kulia kwa nyundo, mguu ukaruka zaidi ya wa kushoto. Nikakwaruza wayo wa kulia na kidole gumba kikainuka juu badala ya kujikunja chini, ishara ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuibuni kwa hila.

Nilimwambia avae. Kisha nikamwambia, "Nilikukosea. Niliandika kitu kisicho kweli kukuhusu."

Alikuwa akifunga vifungo. Alifunga vyote kabla ya kusema. "Hata mimi nilikuwa nimeanza kufikiri ni akili yangu. Nilikuwa nauliza Mungu, kwa nini mguu mbaya unasikia na mguu mzuri hausikii. Nikaona labda nimerogwa." Akachukua fimbo. "Sasa utawaambia?"

"Nitawaambia."

Niliandika ripoti mpya na kuipeleka kituoni mwenyewe. Kesi ilisikilizwa Meru mjini. Siku hiyo nilishuka Makutano, kitongoji cha mji huo, mapema mno, nikazunguka maduka nikisoma vibao bila kuvielewa, hadi saa ya mahakama ikafika. Niliona aibu, na pia niliogopa. Karatasi ya kwanza bado ilikuwa kwenye faili. Karatasi ya serikali haifutiki.

Mdogo mtu hakuwa na wakili. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu aliyefanana mno na kaka yake, hata mabega. Nilipomaliza kueleza, hakimu akamwambia anaweza kuniuliza maswali. Akasimama, akashika kizimba kwa mikono miwili.

"Daktari, mimi kisu ilimpata hapa." Akajigusa mgongo, kulia. "Upande wa kulia. Sijakataa. Sasa hiyo mguu ya kushoto ilikatwa na nani?"

Watu kwenye mabenchi walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, kama nilivyopaswa kuuliza mimi siku ya kwanza.

Nikamwambia kwamba mguu una habari mbili za kupeleka kichwani, na kila moja ina njia yake. Habari ya mguu uko wapi hupanda upande wake wenyewe mgongo mzima, na huvuka karibu na kichwa. Habari ya uchungu na moto huvuka mapema, ikiingia tu mgongoni, ikaenda kupanda upande wa pili. "Pale kisu kilipofika, upande wa kulia, palikuwa na njia ya mguu wa kulia na njia ya mguu wa kushoto zikipita pamoja. Kisu kimoja kilikata zote mbili."

Hakimu aliacha kuandika. "Na kovu dogo namna hiyo?"

"Mheshimiwa, uti wa mgongo wenyewe, ule ugwe wa neva ulio ndani ya mifupa, hauzidi unene wa kidole changu hiki kidogo. Haukuhitaji kisu kikubwa."

"Karatasi yako ya kwanza inasema anaigiza. Niamini ipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba uchunguzi wa awali ulikuwa na mipaka yake. Nilimwona mama kwenye benchi la tatu, koti la kiume, mikono mapajani, ameketi katikati, si upande wa mwana huyu wala wa yule.

"Ya pili, mheshimiwa. Ya kwanza nilikosea. Nilimwuliza swali baya, na nilipopata jibu nisilolielewa nikaona kosa ni lake."

Mdogo mtu alikuwa bado amesimama. Akamgeukia kaka yake, akasema neno kwa Kimeru, la chini, ambalo sikulishika. Kaka akatazama sakafu. Hakimu akawaambia waseme na mahakama, si wao kwa wao, lakini hakuwakemea.

Kijana alipatikana na hatia. Kabla ya hukumu kaka aliomba kusema, akasema mama yao ni mmoja na shamba litalimwa na nani wote wawili wakitolewa. Hakimu alimpa mdogo kifungo cha nje, chini ya afisa wa kumwangalia, kwa masharti makali. Wengine pale nje walisema ni kidogo mno. Mimi sikuwa na maoni. Nilikuwa nimetoa maoni ya kutosha kwenye kesi ile.

Nguvu za mguu wa kulia zilirudi kwa kiasi, kama zinavyorudi mara nyingi kwa majeraha ya aina hiyo. Baada ya mwaka aliweza kutembea bila fimbo kwenye barabara tambarare, ila gizani au akifumba macho aliyumba. Mguu wa kushoto haukuwahi kujua tena moto. Nilimfundisha ayapime maji kwa mkono, aukague kila jioni kama anayekagua mguu wa mtoto, asivae kiatu bila kukikung'uta kwanza. Kupanda miti ya miraa kulikwisha.

Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa tayari nimehamishwa, nikapita Mikinduri siku ya soko. Alikuwa ameketi kwenye gunia akiuza miche ya parachichi aliyoibebesha mwenyewe, tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine, vikonyo vimefungwa vizuri kwa nailoni. Mdogo wake alikuwa nyuma, anashusha miche mingine kutoka kwenye mkokoteni. Alinisalimu kwa kichwa na kuendelea na kazi. Kaka akanionyesha jinsi anavyokata kikonyo kwa mshazari ili kishike. Nikamwuliza mama yu hali gani.

"Yuko," akasema. "Magoti tu. Anakataa kuja hospitali." Akanichagulia mche, akaugeuza huku na huku, hakuridhika, akachukua mwingine. "Hii itakubali hata Embu. Lakini uipande juu kidogo, isikae kwa maji."